Kaweka tmux kwa mikono yake mwenyewe, leo asubuhi aniuliza mbele ya watu "kwani wewe hukujua?"

MwanaTudor

Jamani natoka ofisini sasa hivi, mahamri yangu nimeyaacha mezani na chai inapoa, kwa sababu ningekaa pale dakika moja zaidi ningesema neno lisiloweza kurudi mdomoni. Yule bwana mnamjua. Simtaji. Yule mwenye funguo za chumba cha seva kiunoni zinazolia kama kengele ya mbuzi, ambaye ukimuuliza kitu lazima acheke puani kwanza ndiyo ajibu. Huyo huyo.

Jana tulikuwa twarudisha databesi kwenye seva mpya, faili la GB 140, nikasema wazi mbele yake kwamba hii kazi ni ya usiku kucha na intaneti ya hapa ofisini mvua ikidondoka matone mawili tu ishakwenda, itakuwaje? Akacheka puani. Akavuta kiti changu, akakaa YEYE, kwenye laptopu YANGU, akaandika tmux, halafu humo humo akaandika ssh kuingia kwenye seva, akaniambia haya endesha pg_restore yako. Akanipiga bega: "Sasa hata Mombasa nzima ikizimika kazi haikatiki. Nenda kalale."

Nikaanzisha saa mbili usiku, nikaiacha laptopu wazi mezani, nikaenda nikalala. Saa nane na dakika arobaini stima ikapotea (askari wa usiku ndiye aliyeniambia), laptopu ikabaki na betri lakini rauta ikazima. Asubuhi nafika, skrini imeganda kwenye jedwali la kontena. Nabonyeza Enter, nakutana na hii:

```
client_loop: send disconnect: Broken pipe
```

Nikaingia tena kwenye seva nikaandika `tmux ls`, nikaambiwa `no server running on /tmp/tmux-1000/default`. Kazi ya saa sita na ushei imekwenda na maji. Na hapo ndipo alipoingia, funguo zalia, akatazama skrini, akacheka puani, akasema mbele ya bosi, mbele ya dada wa uhasibu, mbele ya kijana wa chai: "Kwani wewe hukujua tmux huwekwa kwenye seva?"

KWANI WEWE HUKUJUA. Alikaa kwenye kiti changu! Vidole vilikuwa vyake! Kijana wa chai akanitazama kwa huruma wallahi, kijana wa chai!

KijanaWaLikoni

Pole kaka, lakini pale chini kulia kwenye ule mstari wa kijani kuna jina la mashine. Lilisomeka jina la laptopu yako usiku kucha na wewe umelitazama tu kama nembo ya matatu 😂😂

MwanaTudor

Sikuwa najua kama ule mstari una maana, na aliyenikalisha chini kunifundisha ndiye anayeniuliza kwani hukujua. Nikikumbuka vile alivyosema "kwani" damu yanichemka.

BabuTerminali

Ndugu yangu hasira zako ni za haki, lakini ngoja tuielewe vizuri isije ikakurudia leo usiku.

tmux hulinda kile kilichozaliwa ndani yake kwenye mashine ile ile. Ile ya laptopu yako ilifanya kazi yake kikamilifu, haikufa, asubuhi umeikuta. Lakini ilichokuwa imekishika ni ssh, na ssh ikikatika basi imeshika maiti. Kule kwenye seva pg_restore ilikuwa imening'inia kwenye terminali iliyofunguliwa na sshd kwa ajili ya muunganisho wako. sshd ilipokata tamaa ikaifunga terminali ile, na kernel ikaipelekea pg_restore ishara ya SIGHUP, yaani mwenye simu kashakata, na programu isiyojiandaa kwa ishara hiyo hufa palepale. Ungeanza na ssh kisha tmux, pg_restore ingekuwa kwenye terminali ya tmux yenyewe humo humo kwenye seva, na kukatika kwa ssh kungekufungia dirisha la kutazamia tu.

Tena haikufa saa ile ile ya stima. Seva haina habari kwamba rauta imezima, yaendelea kutuma maandishi na kungoja jibu, na kwa Linux ya kawaida huchukua kama robo saa kabla ya kukubali kwamba hakuna mtu upande wa pili. Angalia logi ya Postgres, utaona saa kamili.

MwanaTudor

Nimempigia mwenzangu aliyeko ofisini anisomee. 02:57, `unexpected EOF on client connection with an open transaction`. Kwa hiyo ilipigana dakika kumi na saba bila mimi maskini. Dakika kumi na saba! Na yeye wakati huo amelala Nyali na funguo zake.

Mtaalamu_wa_Kongowea

Mnazunguka bure. Shida ni kwamba kwenye ~/.ssh/config hamna ServerAliveInterval 60. Mkiiweka hiyo muunganisho haukatiki, wala hamhitaji tmux.

BabuTerminali

Nusu umepata. Ile husaidia ukiwa umekaa kimya na rauta ikasahau muunganisho wako, kwa sababu kila sekunde 60 ssh inabisha hodi. Lakini hapa rauta imezima kabisa. ssh ingebisha mara tatu, isijibiwe, na baada ya kama dakika tatu ikate yenyewe. Ungeujua msiba mapema, lakini msiba ni ule ule.

Mtaalamu_wa_Kongowea

Mimi sijawahi kukatikiwa.

KijanaWaLikoni

Huyu intaneti yake yatoka peponi 😂

BiMaryam_wa_Data

Swali la kweli hakuna anayeuliza: databesi sasa iko hali gani? Mwanangu usije ukaendesha pg_restore tena juu ya ile ile. Kama hukuweka --single-transaction, majedwali yaliyokamilika yamebaki, lile la kontena lililokuwa katikati limerudi tupu, na vielekezo bado havijajengwa maana hivyo huja mwisho. Ukirudia juu yake utapata makosa ya "already exists" mia na data maradufu pale pasipo na funguo. Futa databesi, iunde upya, anza safi. Mie nafanya hivi:

```
ssh mimi@seva
hostname
tmux new -s rudisha
pg_restore -v -d bandari data.dump 2>&1 | tee rudisha.log
```

Hiyo hostname usiiruke, ni sekunde moja, yakwambia uko wapi kabla hujaandika tmux. Ile 2>&1 pia usiiache, kwa sababu maelezo ya -v hutokea mlango wa makosa na bila hiyo logi yako itakuwa tupu. Kisha Ctrl-b, achia, bonyeza d. Ukirudi ni `tmux attach -t rudisha`.

MwanaTudor

Shukran mama, nimeyanakili. Na kama tayari niko ndani ya ssh na sijui tmux iko huku au kule?

BiMaryam_wa_Data

Andika `echo $TMUX`. Ikitoka tupu wakati uko kwenye seva, basi bado hujaingia ndani ya tmux ya seva, hata kama ule mstari wa kijani wauona. Mstari ule ni wa laptopu. Halafu kabla hujaenda kulala jikatie mwenyewe: funga dirisha la terminali zima, ingia upya, attach. Ukiikuta yasonga, nenda kalale. Usimwamini mtu aliyekupiga bega.

MwanaTudor

Alinipiga bega kweli. Bega hili hili. Halafu "kwani wewe hukujua."

fundi_wa_Mwembe_Tayari

Jamani mimi yangu ni mbaya zaidi. Naweka kwenye seva kabisa, ssh kwanza tmux baadaye, natoka vizuri na Ctrl-b d, nikirudi hakuna kitu. Wiki hii mara tatu. Nani wa kulaumiwa hapo?

BabuTerminali

Tazama /etc/systemd/logind.conf, kama KillUserProcesses ni yes, basi ukitoka tu systemd inafagia kila ulichoacha, tmux ikiwemo. Ikiwa ndivyo na huruhusiwi kuibadilisha, omba `loginctl enable-linger` kwa jina lako, kisha anzisha hivi:

```
systemd-run --scope --user tmux new -s kazi
```

fundi_wa_Mwembe_Tayari

Nimetazama, ni no.

BabuTerminali

Basi andika `uptime`. tmux haivuki seva ikiwashwa upya, kila kitu chake kiko kwenye kumbukumbu.

fundi_wa_Mwembe_Tayari

Yasema siku 2. Lakini mimi nimepoteza mara tatu wiki hii, na mara ya mwisho ilikuwa jana jioni. Kwa hiyo ya jana ni nini?

BabuTerminali

Moja tumeipata. Ya jana sijui, angalia `dmesg` kama kuna kitu kimeuliwa kwa kukosa kumbukumbu.

KijanaWaLikoni

Labda ni yule yule wa funguo kapita huko na `tmux kill-server` 😂

MwanaTudor

Usicheke, yule anaweza. Halafu akuulize kwani hukujua.

mzee_wa_screen

Sisi tulikuwa na screen tangu 1987 na hakuna aliyelia. Ctrl-a d, kwisha. Hizi tmux zenu za 2007 mwazishangilia kama zimeshuka kutoka mbinguni.

BiMaryam_wa_Data

Angeianzisha screen kwenye laptopu yangemkuta yale yale mzee wangu. Tena RHEL 8 wameiondoa screen kwenye hazina yao, wewe mwenyewe utaifuata EPEL.

mzee_wa_screen

Waliiondoa kwa dharau tu. Hilo nalo lataka uzi wake.

Dada_wa_Bamburi

Samahani nimechelewa kusoma, hata mie imenikuta, nikizima skrini ya simu yakufa, betri mpya kabisa, simu nimenunua mwezi uliopita. Nimejaribu kuifuta na kuiweka upya.

KijanaWaLikoni

Dada hiyo ni Termux 😂 hapa twazungumza tmux

Dada_wa_Bamburi

Si ndiyo hiyo hiyo? Yafunguka nyeusi.

BabuTerminali

Si hiyo, lakini ugonjwa wafanana kidogo. Android huzilaza programu ukizima skrini. Ndani ya Termux andika `termux-wake-lock`, kisha kwenye mipangilio ya betri iruhusu Termux bila kizuizi. Lakini kama kazi ni ya masaa, ipeleke kwenye seva, ndani ya tmux ya seva, simu iwe ya kutazamia tu.

Dada_wa_Bamburi

Kwenye mipangilio ya simu yangu hakuna mahali pameandikwa bila kizuizi. Kuna "usingizi mzito" na "usingizi wa kawaida". Nichague upi?

fundi_wa_Mwembe_Tayari

Simu za namna hiyo ndizo zilizonimaliza mie, hata alamu ya swala zinailaza. Aina gani hiyo, niambie tuone kama ni sawa na yangu.