Chaneli ya euro imetobolewa: nichore mstari upya au nikubali imevunjika?

Kijana_wa_Ngamiani
Wakuu salama? Hapa barazani Ngamiani tuko watatu, chati moja, na kila mmoja ana mstari wake. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Ni EURUSD, chati ya siku. Nahesabu mishumaa kuanzia bonde la kwanza ili tuelewane. Mshumaa wa 1 ulishuka hadi 1.0720. Wa 21 ulishuka hadi 1.0800. Nikaunganisha hayo mawili. Wa 41 ukaja hadi 1.0884, karibu kabisa na mstari, nikanunua 1.0890. Vilele: wa 11 ni 1.0880, wa 31 ni 1.0958, wa 49 ni 1.0985.

Mshumaa wa 56 ulitoboa mstari kwa mkia hadi 1.0921, ukafunga 1.0943. Nikasema mstari wangu ulikuwa umekaa vibaya, nikausogeza utoke bonde la kwanza hadi kwenye huo mkia. Sasa wa 58 umefunguka 1.0957 na kufunga 1.0895, chini ya mistari yote miwili. Je, nichore wa tatu ulio mlalo zaidi, au ndiyo nimevunjikiwa? Stop losi yangu iko 1.0860.

Pipsi_za_Chuda
Dogo, hilo halina mjadala. Chaneli ikivunjwa unachukua upana wake unaushusha kutoka pale ilipovunjikia. Upana wako ni pipsi 120, lengo 1.0828. Funga bai, geuka uuze sasa hivi.

Mama_Raskazone
Tusikimbilie kuuza, kwanza tutazame mstari wenyewe kama ulichorwa kwa haki. Nimekokotoa namba zako.

Kutoka 1.0720 hadi 1.0800 ni pipsi 80 ndani ya mishumaa 20, yaani mstari unapanda pipsi 4 kwa siku. Ukiuendeleza bila kuugusa, kwenye mshumaa wa 41 unatakiwa uwe 1.0880. Bei ilishuka hadi 1.0884 ikageuka. Hapo ndipo mstari ulipojithibitisha, kwa sababu ulikuwepo kabla bei haijafika. Pointi mbili zozote duniani zinaunganika. Mguso wa tatu, ambao hukuutumia kuchora, ndio ushahidi.

Chaneli nayo vivyo hivyo. Nakili mstari ule ule, usibadilishe mwinamo, uupeleke kwenye kilele kilicho kati ya mabonde mawili ya kwanza, yaani mshumaa wa 11. Mstari wa chini hapo ni 1.0760, kilele ni 1.0880, upana 120. Kwenye mshumaa wa 31 mstari wa juu unakuwa 1.0960, na bei ilifika 1.0958. Chaneli nzuri kabisa. Wengi hukosea hapa: wanachora mstari wa juu peke yake kwa kuunganisha vilele, mistari haiwi sambamba, halafu wanaiita chaneli. Kwenye MetaTrader tumia `Equidistant Channel`, yenyewe inalazimisha usambamba.

Sasa kosa lako. Ule mkia wa mshumaa wa 56 haukuwahi kuwa bonde. Bonde ni lile ambalo bei imeshaliacha. Kanuni ninayotumia: mishumaa mitano kushoto na mitano kulia, yote iwe juu yake. Bonde la mshumaa wa 21 lilijulikana kuwa bonde siku ya mshumaa wa 26, si kabla. Wewe umetia nanga kwenye mshumaa wa 56, na siku mbili baadaye bei imeshuka chini yake. Nanga imewekwa hewani. Huo mstari wa pili ufute, na wa tatu usiuchore.

Kijana_wa_Ngamiani
Nimekuelewa dada, lakini mstari wa pili haukukata mshumaa wowote. Nilikagua. Mshumaa wa 41 umekaa juu yake kwa pipsi 18.

Mama_Raskazone
Ndiyo maana mstari huo unadanganya vizuri. Ukiangalia nyuma hauna kasoro, kwa kuwa umeuchora ukiwa unaona jibu. Jiulize: siku ya mshumaa wa 55 mtu yeyote angeweza kuuchora? Hangeweza. Basi hauwezi kuhesabiwa kuwa uliheshimiwa siku ya 56.

Dawa ni ndogo tu. Siku bonde la pili linapothibitika, chora, piga picha ya skrini yenye tarehe, na mstari wa zamani usiufute hata ukichora mwingine. Ubadilishie rangi uwe kijivu. Ukiona chati yako ina mistari mitano ya kijivu inayofunguka kama feni kutoka bonde moja, kila mmoja mlalo kuliko uliotangulia, ujue trendi imekwisha nguvu na wewe ndiye uliyekuwa unaibembeleza.

Mzee_wa_Mikanjuni
Swali langu linafanana na la kijana. Nina hisa za Soko la Dar es Salaam, kampuni isiyouzwa sana. Bei inakaa hapo hapo wiki mbili, siku moja inaruka, inakaa tena. Mstari wangu umevunjwa juzi. Na mimi nitoke?

Mama_Raskazone
Shikamoo mzee. Yako ni tofauti kidogo. Mstari unapanda kila siku, bei imelala kwa kukosa wanunuzi na wauzaji. Ukingoja vya kutosha, mstari utaikuta bei na kuipita bila mtu yeyote kuuza hata hisa moja. Huko si kuvunjwa. Kwa hisa ya namna hiyo mstari wenye mwinamo hauna maana. Angalia bei zile za mlalo ambapo miamala ilifanyika kweli, na idadi ya hisa zilizobadilishana mikono siku ile.

Pipsi_za_Chuda
Mzee, jaribu pia kipimo cha logi. Kwenye Bitkoini mwaka 2020 hadi 2021 bei ilipanda mara kadhaa, mstari wa kipimo cha kawaida na wa logi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Fundi_Chati_Pongwe
Hilo la logi ni kweli kwa kitu kilichopanda mara mbili na zaidi, kwa sababu mstari ulionyooka kwenye logi unaonyesha asilimia sawa na si shilingi sawa. Kwa euro iliyotembea asilimia mbili na nusu halibadilishi lolote, tusimchanganye kijana.

Narudi kwake. Kuvunjwa kwa uhakika nakupima hivi. Kwanza, kufunga, si mkia. Mshumaa wa 56 mstari ulikuwa 1.0940, ukatobolewa pipsi 19, ukafunga 1.0943. Mstari ukabaki hai. Mshumaa wa 58 mstari uko 1.0948, kufunga 1.0895, yaani pipsi 53 chini. Pili, hizo 53 nazilinganisha na mwendo wa kawaida wa siku. Weka ATR(14) utuambie inasoma ngapi.

Kijana_wa_Ngamiani
Inasoma 0.0068.

Fundi_Chati_Pongwe
Pipsi 68. Mimi nadai angalau nusu ya hapo, yaani 34. Una 53, na mshumaa wenyewe umefungua juu ya mstari na kufunga chini yake kwa mwili mpana. Kwangu huo umevunjwa. Na dalili ilitangulia: kwenye mshumaa wa 49 mstari wa juu ulikuwa 1.1032, bei ikaishia 1.0985. Ilipungukiwa pipsi 47, zaidi ya theluthi ya chaneli. Wanunuzi walishindwa kuvuka hadi ukuta wa pili kabla ukuta wa kwanza haujabomoka.

Lakini tazama pia saa. Kama seva ya broka wako inafunga siku pamoja na Nyuyoki, mshumaa wako unafunga saa sita usiku kwa saa zetu, na saa saba usiku wakati wao wako kwenye majira ya baridi. Broka mwingine anatumia saa ya Griniwichi mwaka mzima, anafunga saa tisa usiku na anakupa kijishumaa cha Jumapili cha saa mbili tatu. Huyo ana mishumaa sita kwa wiki, hivyo hesabu ya mishumaa 20 na mwinamo wake si vile vile. Huenda ndiyo sababu hapo barazani mistari mitatu haipatani.

Kijana_wa_Ngamiani
Kweli bwana! Mmoja wetu ana mishumaa ya Jumapili. Sasa basi nigeuke kuuza kama Chuda anavyosema?

Fundi_Chati_Pongwe
Hesabu ya Chuda ya upana ni sahihi, 1.0948 kutoa 120 ni 1.0828. Ila hiyo ni bei inayowezekana, si deni ambalo soko linadaiwa. Ukiuza 1.0895, stop losi yenye akili iko juu ya kilele cha 1.0985, pipsi 90. Unaweka 90 kutafuta 67. Tena pipsi 11 tu chini yako kuna bonde la 1.0884.

Hilo bonde ndilo la kuangalia. Mstari wa kupanda ukivunjwa, kilichokufa ni kasi ya pipsi 4 kwa siku. Bei inaweza kulala ubavu mwezi mzima, au ikapanda tena pole pole kwa mstari mlalo zaidi, ambao utauchora siku mabonde yake yatakapothibitika. Ikifunga chini ya 1.0884 ndipo mpangilio wa mabonde yanayopanda unapovunjika. Leo haijafunga huko.

Pipsi_za_Chuda
Sawa, nilikwenda mbio. Basi angoje ritesti, bei irudi kugusa mstari kwa chini, ndipo auze.

Mama_Raskazone
Angoje, lakini ajue anangoja wapi. Mstari haukusimama. Kwenye mshumaa wa 62 utakuwa 1.0964. Kwa mstari unaopanda, ritesti ya siku nne baadaye iko juu kuliko pale ulipovunjikia, na karibu sana na kilele cha 1.0985. Mwingine ataiona bei imerudi juu ya 1.0948 aseme kuvunjwa kulikuwa kwa uongo, kumbe bado iko chini ya mstari. Mara nyingi pia hairudi kabisa.

Na hapo natofautiana na Fundi. Kipimo cha nusu ATR sikitegemei peke yake. Nadai kufunga mara mbili mfululizo chini ya mstari. Kuna siku moja ya habari kubwa inaweza kutupa mshumaa wa pipsi 60 na kesho yake ikarudishwa yote.

Fundi_Chati_Pongwe
Ukingoja kufunga kwa pili unaweza kukuta pipsi 80 zimeshaondoka. Kila kipimo kina bei yake, dada. Muhimu kiandikwe kabla, kisibadilishwe baada ya kuona mshumaa.

Kijana_wa_Ngamiani
Mshumaa wa 59 umefunga 1.0912, mstari uko 1.0952. Kwa hiyo kwa Fundi umevunjwa tangu jana, kwa dada umevunjwa leo, na bonde la 1.0884 bado limesimama. Nimepunguza bai nusu, iliyobaki nitaifunga siku ikifunga chini ya bonde hilo. Mstari wa pili nimeufuta.

Mama_Raskazone
Usiufute, nimesema. Kijivu.