Naombeni ushauri: mjamzito, mtindi wa kibuyu na nyama choma

MamaTarajali: Habari zenu wapendwa. Nina ujauzito wa wiki 14, wa kwanza, naishi Moshi. Nimesoma orodha ya vyakula vya kuepuka kwa sababu ya listeria na toksoplazma, vijidudu vya kwenye chakula vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, na karibu yote ni vitu ambavyo sijawahi kula: jibini laini lenye ukungu, samaki mbichi, nyama za kukausha za Ulaya. Mimi nakula mtindi wa kibuyu anaoleta mama mkwe kutoka kijijini, na Jumapili mume wangu hunipeleka kula mbuzi choma na kachumbari. Hivyo sijaviona kwenye orodha. Je, niendelee? Halafu tuna paka ndani, ndugu wanataka nimtoe. Naombeni majibu ya mtu anayejua, nina hofu kweli.

Chuma_Mboga: Hongera sana dada. Kula matembele na rozera kwa wingi, damu itapanda. Wifi yangu damu ilikuwa 8 ikafika 11 kwa hivyo tu.

MamaTarajali: Asante kaka, ila damu yangu iko vizuri. Nauliza vya kuepuka.

MkungaWaZamani: Mdogo wangu, nimefanya kazi kliniki ya wajawazito miaka mingi, ngoja nikujibu kwa utaratibu. Orodha uliyosoma si ya uongo, imeandikwa kwa watu wanaokula vyakula hivyo. Jibini lile lina shida zilezile zilizomo kwenye kibuyu cha mkweo.

Muulize mkweo swali moja tu: maziwa yanachemshwa kabla ya kugandishwa? Vijijini mara nyingi yanakamuliwa na kumiminwa moja kwa moja kwenye kibuyu. Watu wanaamini uchachu unaua vijidudu. Unapunguza baadhi, lakini listeria inastahimili uchachu, na brusela, kijidudu cha mifugo kinachopitia maziwa mabichi, inaweza kuishi kwenye maziwa yaliyoganda kwa siku kadhaa. Tena kibuyu hakioshwi kikaisha mabaki, maana mabaki ndiyo yanayogandisha maziwa mapya. Kwa hiyo kijidudu kikishaingia, kinarithishwa mgando hadi mgando.

Usiache mtindi, badilisha namna ya kuutengeneza. Chemsha maziwa mpaka yafure na kupanda, yaache yapoe hadi uvuguvugu, weka vijiko viwili vya mtindi wa dukani ulioandikwa kuwa maziwa yake yamepashwa moto kiwandani, funika kwenye chombo cha chuma au kioo ulichokimwagia maji ya moto. Kesho yake umeganda.

Mama_wa_Simanjiro: Namuunga mkono mkunga. Mimi ujauzito wangu wa pili nilikuwa na homa inakuja jioni na kuondoka, jasho usiku, mgongo na magoti vinauma. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, hali ileile. Mimba ikatoka miezi mitano. Baadaye ndipo hospitali nyingine wakapima wakakuta brusela. Nyumbani kwetu maziwa tunakunywa ya moto kutoka kwa ng'ombe, moto wa mwili wake, si wa jikoni. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyotoa mimba, daktari mwenyewe hakuapa, lakini tangu siku hiyo hakuna maziwa yanayoingia mdomoni mwa wanangu bila kuchemshwa.

MamaTarajali: Pole sana mama yangu. Umenigusa.

Fundi_Friji: Dawa ya yote hayo ni friza. Nyama igandishe siku tatu nne, maziwa weka kwenye friji, vijidudu vyote vinakufa. Ndio maana Wazungu hawaumwi.

MkungaWaZamani: Hapo umepatia nusu, kaka. Toksoplazma kwenye nyama inakufa ikigandishwa vizuri, nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa. Friza ya nyumbani inayokatikiwa umeme kila mara sina imani nayo. Lakini listeria haifi kwa kuganda, na kwenye friji ya kawaida inaendelea kuzaliana polepole wakati vijidudu vingine vimelala. Chakula kilichokaa siku tatu kwenye friji kinaweza kunukia vizuri kabisa na kikawa nayo.

Binti_wa_Joburg: Niongezee hapo kwenye friji. Niko Afrika Kusini, na mlipuko wa listeria wa 2017 na 2018 niliuona. Waliougua walizidi 1,000 na waliokufa walizidi 200, na karibu wanne kati ya kila wagonjwa kumi walikuwa vichanga, wengi wao waliopata maambukizi kwa mama zao. Chanzo kilikuwa poloni, ile soseji nene ya kukata vipande inayoliwa baridi kwenye mkate. Kwa hiyo dada, soseji na poloni hata kama imeandikwa iko tayari kuliwa, ikaange mpaka itoe mvuke hadi katikati.

MchomajiMsafi: Nachoma nyama, acha niseme ya jikoni kwangu. Mguu mzima wa mbuzi kwenye moto mkali unaungua nje, ndani karibu na mfupa bado mwekundu. Mteja ana haraka, anapelekewa hivyo. Agiza wakukatie vipande vidogo, virudishwe jikoni, kisha pasua kipande kinene: isiwepo rangi ya pinki wala maji mekundu. Jambo la pili ni ubao. Sehemu nyingi kisu kilichokata nyama mbichi ndicho kinachokata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Ukiona hivyo, kachumbari acha, kula nyama na ndizi ya kuchoma.

MkungaWaZamani: Ahsante mchomaji. Toksoplazma hukaa ndani ya msuli wa mbuzi, kondoo na nguruwe, ndiyo maana weusi wa nje hautoshi. Na kule kwenu Moshi, damu ya mbuzi inayokorogwa kwenye supu ichemke kwanza, la sivyo ipite mbali nawe. Kachumbari jitengenezee nyumbani kwa maji mengi yanayotiririka.

Paka asitolewe. Hutoa mayai ya toksoplazma wiki chache tu, mara nyingi pale anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, na mayai yakitoka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mumeo atoe kinyesi kila siku, paka asilishwe nyama mbichi, nawe ukilima bustani vaa glavu. Udongo wa bustani na nyama isiyoiva vinakuhusu kuliko kumshika paka mgongoni.

MamaTarajali: Mume anataka nipime toksoplazma. Nipime?

MkungaWaZamani: Kliniki nyingi za kawaida hawapimi, utalipia maabara binafsi. Kipimo kinaangalia kingamwili za aina mbili kwenye damu, IgG na IgM. Ikisoma IgG peke yake, kwa kawaida uliupata zamani na mwili una kinga. IgM ndiyo huwasumbua watu, maana inaweza kubaki miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, hivyo peke yake haithibitishi kuwa umeambukizwa juzi. Usipime bila daktari wa kukusomea majibu.

La muhimu zaidi: ukipata homa na mwili kuuma, kipimo cha malaria kikawa hasi, usikubali kurudishwa na dawa ya kutuliza homa tu. Mwambie daktari ulichokula wiki zilizopita, siyo jana tu, maana listeria inaweza kujionyesha hata miezi miwili baadaye. Inatibika kwa ampisilini, na kuchelewa ndiko kunakomponza mtoto.

MamaTarajali: Nitamweleza mama mkwe kwa adabu kwamba maziwa aniletee mabichi, nichemshe na kugandisha mwenyewe. Swali la mwisho, naona aibu: natafuna udongo ule wa sokoni kila siku. Muuzaji anasema umechomwa.

Mama_wa_Simanjiro: Wangu wote watatu nilikula udongo, hawakupata kitu.

MkungaWaZamani: Usione aibu, wengi mnakula. Ukichomwa kweli mayai ya minyoo na ya toksoplazma yatakufa, ila hakuna anayejua muuzaji ameuchoma vipi wala umeanikwa wapi baadaye. Hata ukichomwa, madini ya risasi yakiwemo hayaondoki kwa moto, na udongo huzuia chuma kuingia kwenye damu. Waambie kliniki, wakupime damu tena, kwa sababu hamu ya udongo mara nyingi huja damu ikiwa inapungua.