Jawabu langu 2.2, la mwanafunzi 1.76, na kopi zishatoka. Naombeni ushauri

BintiWete: Asalaam alaykum. Mie nasomesha tuisheni ya kemia watoto wa fomu 4 hapa Wete, jioni barazani kwetu. Kuna hesabu inaninyima usingizi tangu juzi. Unga wa makombe ya chaza gramu 5 unatiwa kwenye asidi ya haidrokloriki mililita 40, ya moli 2 kwa lita, je kaboni dayoksaidi itatoka gramu ngapi? Mie napata 2.2, mwanafunzi wangu mmoja kapata 1.76 na hataki kurudi nyuma. Nishairejea kwa kalkuleta mara tatu na mara zote ni 2.2. Nimwambieje asivunjike moyo?

TanuuLaBaba: Waalaykum salaam. Makombe umenikumbusha mbali, marehemu baba alikuwa akichoma chokaa, mawe ya matumbawe yanapangwa na magogo ya mnazi, moto siku kadhaa, tukiambiwa jiwe likitoka moto linakuwa jepesi hata mtoto analibeba. Kumbe ni hiyo hiyo gesi imeondoka, jiwe safi la kilo 100 linabakisha kilo 56. Sasa wewe unachoma au unatia asidi?

BintiWete: Natia asidi kaka, sichomi.

Sele_wa_Konde: Mwalimu uko sahihi, usibabaike. Limitingi ni ile yenye moli chache. Unga gramu 5 gawa kwa 100 ni moli 0.05. Asidi 0.04 mara 2 ni moli 0.08. Unga ndo mchache, unaisha mwanzo, gesi moli 0.05 mara 44, unapata 2.2. Kwisha.

MamaSafia: Mie kemia sijui ila nasema hivi, watoto wa siku hizi kumbishia mwalimu wameona ndo ujuzi. Enzi zetu ukisema neno unasimamishwa juani. Muite mzazi wake.

MzeeWaMaabara: Bi Safia, muacheni mzazi kwanza. Mwalimu, kurejea kalkuleta mara tatu ni kufanya jambo lile lile mara tatu, kosa likiwa juu ya kalkuleta hutaliona hata ukirejea mara mia. Hebu tuandikie mlinganyo uliotumia, kama ulivyo.

BintiWete: Mlinganyo ni wa kawaida tu, kila mtu anaujua.

MzeeWaMaabara: Basi uandike, mwanangu.

BintiWete: Nimeutoa kwenye daftari langu la zamani la skuli:

```
CaCO3 + HCl → CaCl2 + H2O + CO2
```

MzeeWaMaabara: Ahsante. Sasa hesabu klorini kulia na kushoto. Kulia mbili, kushoto moja. Haidrojeni kulia mbili, kushoto moja. Inatakiwa `2HCl`. Hiyo mbili ndo iliyokugeuzia jawabu zima, kwani kila moli ya unga inataka moli mbili za asidi. Unga wako wa 0.05 unataka asidi 0.10, nawe unayo 0.08 tu. Asidi ndo inaisha mwanzo. Nusu ya 0.08 ni 0.04, mara 44 ni 1.76. Na unga moli 0.01, yaani gramu 1, unabaki chini.

Sele, ulipokosea ni padogo. Moli peke yake hazisemi kitu, gawa kila moja kwa namba yake kwenye mlinganyo halafu ndo ulinganishe. Unga 0.05 kwa 1, asidi 0.08 kwa 2 inakuwa 0.04.

Sele_wa_Konde: Aah, nimekuelewa mzee. Lakini kwenye mtihani wetu ile njia yangu ilikuwa ikitoka sahihi kila siku.

MzeeWaMaabara: Itatoka sahihi pale namba za mlinganyo zikiwa sawasawa, moja kwa moja. Na hata zisipokuwa sawa inaweza kubahatika. Hapa haikubahatika.

Njia nyengine ya kuhakiki, mwalimu, ambayo haitegemei jawabu la yeyote kati yenu: jumlisha uzito. Vilivyoingia ni unga gramu 5 na asidi yenyewe, bila ya maji yake, 0.08 mara 36.5 ni 2.92. Jumla 7.92. Kwa hesabu ya mtoto vinatoka chumvi 4.44, maji 0.72, gesi 1.76, na unga uliobaki 1. Jumla 7.92. Kwa hesabu yako, chumvi 5.55, maji 0.9, gesi 2.2, na asidi iliyobaki karibu 1.1. Hiyo ni gramu tisa na robo tatu hivi. Umepata karibu gramu mbili kutoka hewani.

BintiWete: Nimefanya mwenyewe sasa hivi, kweli inazidi. Lakini karatasi 30 zishatolewa kopi na 2.2, Jumamosi nagawa. Halafu kuna jambo sikulisema. Huyu mtoto alifanya kwa vitendo skulini kwao, akaniletea vipimo, bika ilipungua gramu 1.7, na chini kulibaki vumbi jeupe. Mie nikamwambia ule ni mchanga wa pwani, unga wake haukuwa safi. Na bado naona ni mchanga.

Nahodha_Mkoani: Ngojeni. Mwanzo hesabu ya karatasi, sasa bika, mizani na vumbi jeupe. Na vipimo vinakuja vizuri upande ule ule wa Mzee. Hii imetungwa. Huyu ndo mwanafunzi mwenyewe anatafuta watu wa kumshuhudia kwa mwalimu wake.

MamaSafia: Nami nilishaanza kuhisi.

BintiWete: Wallahi sijatunga. Nilificha kwa aibu tu, kwa sababu yale masalio nimeyaona kwa macho yangu, mtoto kaniletea kwenye kikopo, na nikamkatalia mbele ya wenzake.

MzeeWaMaabara: Nahodha, anayetunga angeandika 1.76 kamili. Imeandikwa 1.7, na ndo inavyotakiwa, kwani gesi kidogo hubaki imeyeyuka majini. Maji kwenye joto la 25 hubeba karibu gramu moja na nusu ya gesi hiyo kwa lita, mililita 40 zinabeba kama 0.06. Hapo ndo ilipokwenda. Haiwezi kuficha nusu gramu nzima.

Lakini mwalimu, hoja yako ya mchanga si ya kudharauliwa. Chukua kuwa gramu 1 yote ni mchanga. Basi kaboneti ilikuwa gramu 4, moli 0.04, inataka asidi 0.08, na hiyo ndo iliyokuwepo. Gesi inatoka 1.76 vilevile! Mizani haiwezi kukuamulia baina ya hayo mawili. Na 2.2 haitoki kwa njia yoyote.

Sele_wa_Konde: Sasa utajuaje?

MzeeWaMaabara: Masalio yaoshwe kwa maji, yatiwe asidi mpya kidogo. Yakichemka mapovu na kuyeyuka, ulikuwa unga na asidi ndo iliyoisha. Yakikaa kimya, mchanga. Mtoto afanye skulini kwao, asidi usiitie mwenyewe barazani penye watoto.

TanuuLaBaba: Kwetu kumetiwa asidi ya kuoshea choo juu ya kipande cha tumbawe, kimechemka kama soda.

BintiWete: Nimempigia simu mtoto, kesho anakipeleka kikopo. Kopi nitazikata kwa peni moja moja. Ila Mzee, yakichemka nusu na nusu ikabaki?

MzeeWaMaabara: Basi nyote wawili mna haki. Kausha kilichobaki, kipime, toa kwenye zile gramu 5, uanze hesabu upya na unga wa kweli. Tuletee namba.