Mtoto wa miezi 7 analia kwa vipindi na nepi ina ute wa damu: tuendelee na dawa ya amiba?

Mama Baraka, Kongwa (Jumamosi, saa 10:40 jioni)
Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mwanangu wa miezi 7. Tangu jana usiku anapiga yowe ghafla, anakunja magoti hadi yanagusa tumbo, uso unapauka, na baada ya dakika mbili tatu ananyamaza kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya robo saa hivi, kilio kinarudi. Asubuhi alitapika maziwa, mchana akatapika majimaji ya kijani. Zahanati waliona michirizi ya damu kwenye choo wakatuandikia dawa ya amiba, lakini nepi niliyombadilisha sasa hivi haina choo kabisa: ina ute mwekundu mzito unaotikisika kama jeli. Hana homa. Bibi yake anasema ni mchango. Je, tumalize dozi hadi Jumatatu?

Baba Tatu
Pole sana, Mama Baraka. Binti yangu alipokuwa na miezi 2 alilia kila jioni, akikunja magoti hivyohivyo, na alipofikisha miezi 4 kilio kikaisha chenyewe. Mlazeni kifudifudi mapajani, atatulia.

Tabibu wa Wodi ya Watoto
Baba Tatu, binti yako hakutapika kijani wala hakutoa damu. Mama Baraka, ondokeni sasa hivi, na muende hospitali yenye altrasaundi na daktari wa upasuaji. Kwa kuwa mko Kongwa, huenda mkalazimika kufika Dodoma mjini. Msimpe maziwa, uji wala dawa yoyote njiani.

Ninavyohisi, kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unavyojikunja kwa ndani unapouvua kwa haraka. Kila utumbo unapojaribu kusukuma, mtoto anakunja magoti. Ukipumzika, naye ananyamaza. Kipande kilichoingia huburuta pia mishipa yake ya damu, ambayo hubanwa, utumbo ukavimba, na ule ute uliochanganyika na damu ndio ulioukuta kwenye nepi. Kwa hiyo jeli hiyo si dalili ya mwanzo. Inaonyesha kwamba utumbo umebanwa kwa muda, na ukiachwa hufa na kutoboka. Mtoto mwenye kuhara damu kwa kawaida hupata choo kidogokidogo mara nyingi na mara nyingi huwa na homa. Matapishi ya kijani yanasema njia imeziba.

Mwalimu wa Chamwino
Huo ni utumbo kujisokota, na Tabibu amesema kweli kwamba hauna subira. Husababishwa na kumrusharusha mtoto juu, na nimesikia pia ile chanjo ya kuhara inahusika.

Tabibu wa Wodi ya Watoto
Mwalimu, kujisokota ni jambo jingine, ingawa nalo ni la dharura, na kumrusha mtoto hakusababishi hili. Kuhusu chanjo, hofu hiyo ina chanzo, kwani chanjo ya zamani iliyotumika Marekani iliondolewa mwaka 1999 kwa sababu hiyohiyo. Tunayotumia ilianza hapa mwaka 2013, na utafiti uliofanyika katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo, haukuona hatari ikiongezeka baada yake. Tena hutolewa katika wiki ya 6 na ya 10. Baraka ana miezi 7.

Mama Baraka, Kongwa (saa 12:05 jioni)
Tumepata gari. Ameacha kulia na amelala, hata nikimwita hafungui macho vizuri. Nadhani amepata nafuu?

Tabibu wa Wodi ya Watoto
Hapana, dada. Kulegea hivyo ni hatari kuliko kilio. Msigeuze gari, na mkifika semeni kwanza "ute wa damu na matapishi ya kijani", msianze na habari ya mchango.

Mama Baraka (Jumatatu, saa 3 asubuhi)
Nawashukuru. Altrasaundi ilionyesha duara ndani ya duara. Walimwekea dripu na mpira wa puani, kisha wakampasua usiku uleule. Daktari alieleza kwamba hakuuvuta utumbo, aliuminya taratibu kutoka mbele ili urudi ulikotoka, akaufunika kwa vitambaa vya uvuguvugu na kusubiri rangi irudi. Ulirudi kuwa wa waridi, hawakukata kitu. Nilipouliza sababu, alisema mara nyingi haijulikani. Aliuliza tu kama mtoto aliugua mafua karibuni, na kweli aliugua wiki mbili zilizopita.

Baba Tatu
Alhamdulillahi. Nimesoma kwamba huwa wanapuliza hewa kupitia njia ya haja kubwa bila kupasua. Kwa nini hawakufanya hivyo?

Tabibu wa Wodi ya Watoto
Hufanyika pale penye vifaa na watu waliozoea, mtoto akiwa bado hajadhoofika na hakuna dalili kwamba utumbo umetoboka. Kwa Baraka siwezi kusema walizuiwa na hali yake au na vifaa. Mama, hali hii huweza kujirudia, ingawa baada ya upasuaji ni mara chache. Ukiona vipindi vile tena, msipitie dukani kununua dawa ya mchango.