Nani ameshatengenezesha foto ya babu iliyoharibika na kumuingiza kwa foto ya familia? Tupeane uzoefu

Wa Katindo, Goma
Bandugu, niko na foto moja tu ya babu, sentimita 6 kwa 9, alipigiwa Bukavu miaka ya 60, amesimama na koti, mukono juu ya kiti. Januari 2002 lava ilipoingia mjini mama alibeba ile kadre ndani ya kitenge tukakimbilia Gisenyi, ikaloa, na tangu hapo foto imeganda kwa kioo. Sikio moja limeliwa, yote imekuwa njano kama chai. Mama anatimiza miaka 70 na tunataka babu asimame nyuma yake. Nilipitisha kwa aplikesheni ya simu, ikamusafisha vizuri, mama akaangalia akauliza, "Huyu ni nani?" Nilisikia vibaya sana.

Kijana wa Himbi
Loweka kwa maji ya uvuguvugu saa moja, itabanduka yenyewe. Yangu ilibanduka.

Fundi wa Kadutu, Bukavu
Mudogo wangu, yako ilikuwa na bahati. Foto za zamani zina utando juu, na kama utando ulisha kuoza unyevu unayeyuka kama uji, uso unabakia kwa maji. Wa Katindo usiloweke, usivute. Skani pamoja na kioo chake, lakini si kwa zile skana nyembamba za kuchomeka kwa yuesibii, hizo haziwezi kuona kitu kilicho juu kidogo, uso utatoka na ukungu. Tafuta ile nzito ya zamani, weka 1200 dpi, na uskani kwa rangi hata kama foto ni nyeusi na nyeupe. Sababu njano inaharibu zaidi rangi ya buluu, kwa nyekundu karibu haionekani. Kwa programu ya GIMP unaenda Colors, Components, Extract Component, unachagua RGB Red, na nusu ya uchafu unapotea bila kugusa uso. Kisha mikwaruzo unaiziba kidogo kidogo na Heal, ukianza na ukuta na koti. Macho usiguse isipokuwa mukwaruzo umepita kabisa juu yake. Ile aplikesheni haikusafisha babu, ilichora muzee mwingine anayefanana naye.

Dada wa komine ya Kenya, Lubumbashi
Sisi tuliweka nkambo kwa foto ya ndoa ya kaka, na alionekana kama amebandikwa na gundi. Sisi wote tuko wazi kabisa, yeye ana ukungu, na jua letu linatoka kuume, lake kushoto. Na mama mudogo alikataa kabisa kuitundika, anasema aliyekufa hawekwi bega kwa bega na mutoto mudogo.

Fundi wa Kadutu, Bukavu
Dada, kosa ni kupiga familia kwanza halafu kumutafutia muzee nafasi. Ni familia inafuata muzee. Angalia kivuli cha pua yake: kama kimelala kuume, taa ilikuwa kushoto, basi familia ikae na dirisha kushoto kwa mupiga picha, na kamera iwe urefu wa kifua kama kamera ya wakati ule. Uso wa babu kwa skani utakuwa na kama pikseli 380, nyuso zenu kwa kamera ya leo 600. Usimukuze yeye, punguza ninyi, foto ya pikseli 6000 ishuke mpaka 3800, bado inatoka sentimita 32 kwa karatasi. Wote muwe nyeusi na nyeupe, halafu unaongeza chembechembe kidogo juu ya picha nzima, zake na zenu zifanane. Na kivuli chake kianguke juu ya bega la mutu aliye karibu, bila hicho ataelea.

Wa Katindo, Goma
Aksanti sana muzee. Nimeangalia na lupu, kivuli cha pua kimelala kuume. Na kuna kitu sikuwaka nimeona: ule mukono unashika mugongo wa kiti kitupu. Tukipata kiti cha namna ile mama anaweza kukaa pale pale. Ila shangazi naye anasema kama mama mudogo wa dada wa Lubumbashi, mukono wa marehemu usiwe nyuma ya mutu aliye hai. Tunangojea mama aamue. Na sikio je, nigeuze lile lingine?

Fundi wa Kadutu, Bukavu
Hapana, amegeuka kidogo, sikio la upande wa pili halitakaa. Je, yuko mjomba anayefanana naye? Mupige kwa pembe ile ile, taa ile ile, nitumie. Kwa WhatsApp tuma kama dokima, si kama foto, inaipunguza.

Wa Katindo, Goma
Mjomba mukubwa yuko Sake. Jumamosi nitamufuata.