Naomba ushauri: bilirubini imepanda kidogo, vipimo vingine vya ini viko sawa

Habari zenu wakuu. Nina miaka 24, siumwi chochote. Nilipima damu asubuhi, nikiwa sijala tangu mchana wa jana yake. Bilirubini yote, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zikivunjika, ilisoma 38 µmol/L, wakati karatasi inaonyesha mwisho ni 21. Ile iliyokwisha kuchakatwa na ini ni 6 tu. ALT, AST na ALP ziko sawa, na mkojo wangu haujawahi kuwa mweusi.

Daktari anahisi ni hali ya Gilbert, ya kurithi: kimeng'enya cha ini kinachochakata bilirubini kina nguvu ndogo, hivyo ukishinda njaa au ukiugua homa inapanda, kisha inashuka yenyewe. Nimekumbuka kaka yangu naye macho yake huwa ya manjano akifunga. (Tulimtania sana!) Wingi wa damu na chembe changa nyekundu nimeshapima, ni kawaida, kwa hiyo haionekani kama damu inavunjika.

Wenye ujuzi: nikirudia kipimo nikiwa nimekula na ikashuka, inatosha bila kipimo cha jeni? Na kuna dawa ambazo lazima nimtajie daktari hali hii kabla ya kuandikiwa?