Kikundi cha familia: UKOO WA KUNDUCHI

*Jumatatu*

19:42 Dada Rehema: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Lile suala la kuosha magari kwenye kiwanja cha Bibi tulimalize wiki hii. Mkataba wa muuza matofali unaisha, hatumwongezei. Naomba kila mtu aandike neno. Msisome tu mkanyamaza kama siku ile ya mabati.

20:15 Dada Rehema: Watu 19 mmeona. Kumi na tisa!

20:31 Juma: Mimi naunga mkono dada. Mtaji wenyewe mdogo. Kisima cha Babu kipo, maji ya bure. Mashine ya presha nimeiona Kariakoo, laki 3 na nusu, na garantii juu. Gari 25 kwa siku mara 7,000 ni 175,000. Kwa mwezi tunapita milioni 5 hapo.

20:33 Mama Mdogo Asha: Amina 🙏

20:34 Juma: Mama mdogo kaitikia dua 😂

20:40 Dada Rehema: Mjomba Salumu, wewe ndiye fundi. Uko wapi?

21:58 Mjomba Salumu: Nilikuwa chini ya Fuso la watu. Juma mjomba wangu, hayo maji ya bure umeyaonja lini?

22:01 Juma: Si tulikuwa tunaoga?

22:04 Mjomba Salumu: Mlikuwa mnaoga na sabuni haitoi povu, mkamlaumu mwenye duka. Kile kisima kina chumvi, na kila mwaka kinazidi, kwa sababu pwani yote ile watu wamechimba na wanavuta. Ukivuta sana karibu na bahari, maji ya bahari yanasogea. Sasa chukua kioo cha pembeni cha gari, mwagia maji ya kisima, kiache juani bila kufuta. Kikikauka na madoa meupe, ujue ndivyo itakavyokuwa bodi ya gari jeusi la mteja. Atalipa mara moja, harudi.

22:05 Chausiku Mwanza: Huku Mwanza wapo wanaoosha ziwani kabisa. Mgambo wakitokea wanakimbia na ndoo, gari linabaki na povu 😂😂

22:06 Juma: Na mwenye gari je?

22:06 Chausiku Mwanza: Anakimbia pia!

22:11 Dada Rehema: Jamani. Maji. Mjomba endelea.

22:19 Mjomba Salumu: Kama chumvi ni kidogo, kisima kinafaa kutoa tope la kwanza na kuoshea mazulia ya gari. Suuza ya mwisho iwe maji ya DAWASA, na gari likaushwe kwa kitambaa pale pale, kivulini. Kama ukionja ulimi unakataa, basi tusiliguse gari nayo hata chini, maana huko chini ndiko kutu inakoanzia. Nipelekeeni chupa moja maabara ya maji wapime, tusibishane kwa ulimi.

22:24 Juma: Sasa DAWASA si itatumaliza kwa bili?

22:30 Mjomba Salumu: Kwa mpira wa kawaida, ndiyo. Kijana anauacha unamwagika huku anasugua, gari moja linakula lita 200. Mashine ya presha inatoa kama lita 10 kwa dakika, na bunduki inafunguliwa dakika 7 au 8 tu. Weka lita 80. Gari 25 ni lita 2,000. Simtanki la lita 5,000 linatuvusha siku mbili maji yakikatika. Siku ya tatu utaagiza boza, na siku ya boza faida sahau.

22:33 Dada Rehema: Kwa hiyo simtanki mbili. Naandika.

22:47 Shangazi Tatu: Mimi kabla ya simtanki nina swali dogo tu. Mota ya mashine ya kusaga iko wapi?

22:48 Juma: 🙈

22:50 Dada Rehema: Shangazi nakuomba. Hilo tulilimaliza Idi.

22:52 Shangazi Tatu: Mlilimaliza ninyi. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia.

22:53 *Mjomba Salumu amefuta ujumbe huu*

22:53 *Mjomba Salumu amefuta ujumbe huu*

*Jumanne*

06:10 Mama Mdogo Asha: Asubuhi njema, Mungu awatangulie 🌹🌹

07:25 Dada Rehema: Naendelea. Bei napendekeza: bodaboda 2,000, gari dogo 6,000, Prado na wenzake 9,000, Haisi 10,000, Kosta 15,000. Injini kando. Vijana wanalipwa kwa gari, 2,000 kwa gari dogo. Mnasemaje?

09:40 Juma: Wa pale juu kwenye kona anaosha kwa 4,000. Tuanze na 3,000 tumuue.

09:58 Dada Rehema: Ukitoa 2,000 ya kijana na karibu 800 ya maji, sabuni na umeme, kwenye 3,000 inabaki 200. Tutakufa sisi.

10:02 Chausiku Mwanza: Mimi saluni yangu nilianza na bei ya chini. Wateja walijaa mpaka nje. Nilipopandisha wakahama wote siku moja. Ila kusuka na kuosha gari sijui kama vinafanana.

12:36 Mjomba Salumu: Nitajibu la mashine tu, mengine nimeyasikia. Juma, hiyo ya laki 3 na nusu ni ya kuoshea gari lako Jumapili. Mota yake ina kaboni, inapiga kelele kama blenda, na kichwa cha pampu ni plastiki. Ifanye kazi saa nane mfululizo, mwezi hauishi. Garantii nayo soma maandishi madogo, wakijua umeifanyia biashara hawakupokei. Tunataka yenye kichwa cha shaba na mota nzito isiyo na kaboni. Hiyo ni milioni na ushee.

12:41 Mjomba Salumu: Na hata hiyo vijana wanaiua. Wakiachia bunduki mota inaendelea, maji yanazunguka ndani ya pampu, yanachemka, sili zinaungua. Kijana akienda kupokea hela azime. Tanki liinuliwe juu ya stendi ili maji yaingie yenyewe, na chujio liwekwe kabla ya pampu, mchanga wa kisima usifike kwenye vali. Ukiona mkandamizo wa maji unapanda na kushuka, au oili ya pampu imekuwa nyeupe kama maziwa, simamisha kazi. Maji yameshaingia kwenye oili.

12:50 Shangazi Tatu: Anajua mashine huyu. Hilo sijawahi kubisha.

13:15 Dada Rehema: Habari njema sasa. Nimeongea na afisa usafirishaji wa kampuni moja ya huku Tegeta. Wana pikapu 12, anataka zioshwe mara mbili kwa wiki. Nimemwambia 6,000 kila moja. Ni kama mara 96 kwa mwezi, 576,000, mteja mmoja tu! Tukipata watatu wa hivyo, wa barabarani ni nyongeza.

13:16 Juma: 🔥🔥🔥 Dada mkurugenzi

13:17 Mama Mdogo Asha: Amina

18:44 Shemeji Grace: Samahani nimechelewa, tulikuwa tunafunga hesabu. Rehema wifi yangu, wanalipa lini?

18:46 Dada Rehema: Mwisho wa mwezi, alisema.

18:59 Shemeji Grace: Huyo ni wa usafirishaji. Halipi yeye, tunalipa sisi wa uhasibu. Mimi niko upande huo, nakwambia ukweli: ankara ya mwisho wa mwezi inakaa siku 30, mara nyingi 60. Vijana wako wanataka 2,000 yao jioni ile ile, na 800 ya maji na sabuni nayo haisubiri. Mara 96 ni 268,800 kwa mwezi. Miezi miwili ni zaidi ya laki 5 umeitoa mfukoni kabla hujaona shilingi. Ukipata watatu unaowafurahia, ni zaidi ya milioni 1 na nusu imelala kwao.

19:00 Juma: Kumbe tunawakopesha sisi.

19:08 Shemeji Grace: Ndiyo. Na bila TIN, leseni na risiti ya EFD hatuwezi kukulipa hata tukikupenda. Halafu tunakata kodi ya zuio asilimia 5. Kwenye 576,000 inatoka 28,800. Dai cheti chake, usije ukadhani umeibiwa.

19:10 Dada Rehema: Sasa tuwaache?

19:21 Shemeji Grace: La. Chukua mmoja kwanza. Waombe walipe kila wiki mbili, au wanunue kuponi kwa mwezi mzima mbele, wewe uwapunguzie 500 kila gari. Kuponi atoe ofisi, zenye namba, siyo dereva. Hili ndilo kubwa. Kwetu dereva alikuwa anasaini daftari kwamba gari limeoshwa mara tatu, limeoshwa moja, wanagawana na kijana wa pale. Tuligundua gari linaoshwa Dar siku ambayo lilikuwa Dodoma. Tukavunja mkataba wote, na mwenye kituo huenda hakujua lolote. Kila kuponi iandikwe namba ya gari na kilomita za kwenye dashibodi.

19:23 Chausiku Mwanza: Gari la miujiza 😂 linaoshwa huku linasafiri

19:24 Juma: Dereva pia apewe soda lakini. Asipopewa atawapeleka kwingine.

19:30 Shemeji Grace: Soda sawa. Kuponi hapana.

20:05 Zuhura wa Bibi: Niko na Bibi, nimemsomea yote. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

20:12 Zuhura wa Bibi: "Nimewasikia. Kiwanja sijakataa. Salumu akae kwenye mashine, hela asishike. Tatu, ukishasikia hilo, habari ya mota sitaki kuisikia tena mpaka mnizike. Ila maji machafu yasipite kwa Mama Neema. Mvua ya Elnino ya 1997 nyumba yetu ilijaa, ndiye aliyetulaza, watoto sita sakafuni kwake. Kiwanja kinateremkia kwake, mnakijua. Maji yakipita kwake, nafunga geti mwenyewe."

20:13 Mama Mdogo Asha: Tumesikia mama 🙏

20:14 Shangazi Tatu: Tumesikia.

20:29 Mjomba Salumu: Nimesikia mama. Shikamoo.

20:41 Dada Rehema: Mjomba, hilo la maji linawezekana?

21:02 Mjomba Salumu: Linawezekana kwa hela. Lita 2,000 zenye tope na oili kila siku si mchezo. Sakafu ya zege imwagwe kwa mteremko kurudi upande wa barabara, siyo kwa Mama Neema. Kisha chemba tatu zinazofuatana. Ya kwanza mchanga unazama. Ya pili oili inaelea juu, bomba la kutokea liingie kwa chini ili oili ibaki. Ya tatu maji yanaenda kwenye shimo la kunywea. Mchanga uchotwe kila wiki, ukisahau tu yanarudi juu.

21:05 Juma: Tusiyatoe kwenye mtaro wa barabara moja kwa moja?

21:06 Mjomba Salumu: TANROADS waje watupigie X nyekundu. Endelea.

21:10 Mjomba Salumu: Shida nyingine, masika maji ya chini pale yanapanda, shimo halitanywa. Miezi hiyo tutakodi gari la kunyonya au tutapunguza kazi. Na hilo zege na chemba naona litakula kuliko mashine na simtanki kwa pamoja. Sijapima bado.

21:15 Dada Rehema: Basi nafunga hivi: 1. Chupa ya maji ya kisima Jumamosi. 2. Mjomba apime mteremko siku hiyo hiyo. 3. Mchango 150,000 kila nyumba, anashika Shemeji Grace. Nani hajakubali?

21:40 Dada Rehema: Jamani?

21:52 Shemeji Grace: Kushika nitashika, kama kuna daftari na watu wawili wa kusaini. Wa pili awe Shangazi Tatu.

21:58 Shangazi Tatu: Haya.

22:10 Chausiku Mwanza: 150 kwangu mpaka tarehe 5.

22:26 Mjomba Salumu: Jumamosi nina Fuso. Jumapili asubuhi.

22:27 Juma: Jumapili mimi niko msibani Chalinze. Chupa nitaichota Ijumaa jioni, niiache kwa Zuhura.

22:31 Dada Rehema: Chupa safi Juma, isiwe ya soda. Na maabara Jumapili wamefunga, kwa hiyo ni Jumatatu, na Jumatatu mimi nakutana na yule wa pikapu, nimwambie nini?

22:50 Dada Rehema: Watu 19 mmeona.

*Jumatano*

05:58 Mama Mdogo Asha: Asubuhi njema 🌹 Hiyo 150,000 ni ya mabati?